Maini laini na figo zisizonuka: moto mkali, dakika chache

*Habari za kazi? Kila Jumamosi nanunua buchani nusu kilo ya maini ya ng'ombe na figo mbili za mbuzi. Nachemsha kwanza kama nusu saa kwa ndimu na tangawizi, halafu nakaanga na vitunguu na nyanya. Maini yanatoka makavu na magumu, na figo zinavutika mdomoni na bado zina harufu ya mkojo. Jirani ananiambia niongeze muda wa kuchemsha. Natumia jiko la mkaa. Nakosea wapi? — Msomaji wa kike, Morogoro*

Dada, usiongeze muda, upunguze. Hiyo nusu saa ya kuchemsha ndiyo inayokausha maini, na kila dakika utakayoongeza itazidisha ukavu.

Ushauri wa jirani yako una mantiki kwa nyama ya mguu au ya shingo. Nyama hizo zimejaa nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli, na nyuzi hizo zikichemka saa moja au mbili huyeyuka na kuwa utelezi unaoilainisha nyama. Ini halina misuli, na nyuzi za namna hiyo ni chache sana ndani yake. Limejaa protini na maji, na kwenye moto linafanya kama ute wa yai: linaganda haraka, na likishaganda, moto ukiendelea linajikaza na kukamua maji yake nje. Hakuna kitu ndani yake cha kuyeyuka baadaye na kurudisha ulaini. Ndiyo maana ini lililochemka muda mrefu hata likimegeka kirahisi, mdomoni ni chengachenga kavu.

Kwa hiyo unachotafuta ni kuliivisha mpaka ndani, kisha kuliondoa motoni kabla halijakamuka. Kiwango cha usalama kwa maini na figo za ng'ombe, mbuzi au kondoo ni nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya kipande. Ukipita sana hapo, kwenye 75 hadi 80, ukavu unaanza kuonekana wazi. Nafasi kati ya kuiva na kuharibika ni ndogo, na kwa kipande chembamba juu ya moto mkali ni suala la nusu dakika au pungufu. Wakati huohuo unataka nje papate rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa, na rangi hiyo haiji ndani ya maji, kwa sababu maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100. Inahitaji chuma kikavu chenye moto mkali kuliko huo, na kipande kisicholowa.

Hapo ndipo sufuria ya kawaida ya aluminiamu inapokuangusha. Ni nyembamba, kwa hiyo hata ikipata moto mkali, ukiweka maini ya baridi inapoa mara moja. Maini yanaacha maji, maji yanajaa chini, na badala ya kukaanga unakuwa umerudi kwenye kuchemsha. Bahati nzuri, chombo kinachofaa huenda unacho tayari: kikaango kizito cha chuma cha kupikia chapati. Uzito wake unahifadhi moto, na hakipoi kirahisi ukiweka kipande cha baridi. Upungufu wake ni kwamba hakina kingo ndefu, kwa hiyo mafuta yataruka kidogo, na chuma kitupu hakipendi nyanya na ndimu zikae juu yake. Basi gawa kazi: rosti ya vitunguu na nyanya ipike kwenye sufuria, maini na figo zikaangwe kwenye kikaango cha chapati, na vikutane mwishoni tu.

Tuanze na maandalizi, maana ugumu mwingine hauletwi na moto bali na kisu. Ini la ng'ombe limevikwa utando mwembamba unaong'aa. Tafuta ukingo wake kwa ncha ya kisu, ingiza kidole gumba chini yake, kisha uvute taratibu huku mkono mwingine umelishika ini. Ukiuacha, kwenye moto unasinyaa haraka kuliko ini lenyewe na kipande kinajikunja kama kikombe, katikati pananyanyuka na kingo zinaungua. Halafu toa mirija minene inayopita ndani. Midogo haina shida, lakini ile inayotosha kuingiza ncha ya penseli haitalainika kwa dakika tatu, itabaki kutafunwa tu. Ukikuta mirija migumu ya kuta nene, kisu kinakwaruza kama kimepita kwenye chokaa, huo ni uharibifu wa minyoo ya ini. Rudisha kipande hicho buchani. Ukiona doa la kijani ni nyongo iliyomwagika wakati wa kuchinja, likate pamoja na nyama iliyolizunguka, kwa sababu uchungu wake hautoki kwa kuosha.

Kata vipande vya unene wa sentimita 1, upana wa vidole viwili au vitatu. Unene ni muhimu kuliko umbo. Vikiwa vya nusu sentimita vitakauka kabla ya kupata rangi, na vikiwa vya sentimita 2 nje itaungua huku ndani pakiwa pabichi. Kama ini linateleza na kukupa vipande visivyolingana, liweke kwenye friza dakika 30 mpaka likaze kidogo, kisha ukate. Baada ya hapo vikaushe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kila upande, mpaka uguse na kidole kisitoke na majimaji. Hatua hii inarukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama kikaango kitakaanga au kitachemsha.

Tangawizi na ndimu zako hazina kosa, ila zinakuja wakati usiofaa. Ndimu inagandisha uso wa ini bila moto. Baada ya saa moja utaona rangi imepauka nje, na sehemu hiyo itakuwa kavu hata ukikaanga kwa uangalifu. Tangawizi mbichi inafanya kinyume, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, na ukilaza maini usiku mzima ndani yake uso unakuwa ujiuji usiopata rangi. Kama unapenda ladha hiyo iingie, dakika 10 zinatosha, kisha kausha. Mimi ningeiweka tangawizi kwenye rosti na ndimu nikakamulia mwishoni kabisa. Chumvi nayo nyunyiza wakati kikaango kimeshapata moto, si nusu saa kabla, kwa sababu inavuta maji kuja juu.

Kuhusu maziwa, utasikia kwamba yanalainisha maini. Hayalainishi. Yanachukua damu na kupunguza ukali wa ladha, jambo linalosaidia kwa ini la ng'ombe mzee. Ini la ndama au la mbuzi likiwa bichi la leo halihitaji.

Figo zina tabia tofauti kidogo. Hizo mbili za mbuzi ni laini kwa asili, na harufu unayolalamikia inatoka hasa sehemu moja: kiini cheupe cha katikati, ambako mkojo hukusanyika kabla ya kutoka. Menya kwanza utando wa nje, unatoka kama ganda jembamba ukishauanzia kwa ukucha. Kisha pasua figo kwa urefu, kutoka mgongo wake wa duara kuelekea kwenye kibonyeo, upate nusu mbili bapa. Katikati ya kila nusu utaona mafuta meupe na matawi magumu meupe yanayoingia ndani ya nyama nyekundu. Mkasi mdogo unafanya kazi hii vizuri kuliko kisu: shika kile cheupe, kiinue, kata matawi yake moja moja upande hadi upande, mpaka ubaki na nyama tupu yenye shimo dogo. Usiogope kupoteza nyama kidogo. Weupe wowote utakaobaki utanuka na hautatafunika.

Zilaze dakika 30 kwenye maji baridi ya chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, na ubadilishe maji mara moja katikati. Kisha suuza na ukaushe vilevile kama maini. Kuchemsha figo ili harufu itoke hakusaidii kama kiini bado kimo ndani, kwani unakuwa unazipikia kwenye harufu hiyohiyo.

Sasa kupika. Kwa kuwa una jiko moja, anza na rosti. Kwenye sufuria weka vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, vitunguu maji viwili vya wastani vilivyokatwa vyembamba, na chumvi kidogo. Vikilainika na kuanza kuwa na rangi, ongeza punje tatu za kitunguu saumu na kijiko cha chai cha tangawizi iliyotwangwa, kisha nyanya tatu zilizoiva. Pika bila haraka, dakika 12 hadi 15, mpaka nyanya zisagike na mafuta yajitenge pembeni. Hoho iliyokatwa ingie dakika tatu za mwisho. Rosti lazima iive yenyewe kabisa kabla ya maini kuikaribia, kwa sababu nyanya mbichi zinahitaji robo saa na maini hayana robo saa ya kutoa. Nadhani hapa ndipo maini ya nyumbani mengi yanapoharibikia, hata kwa watu wasiochemsha: yanaingia mapema na kusubiri nyanya ziive. Epua, funika, weka pembeni.

Ongeza mkaa jikoni na usubiri uwake wote, usione sehemu nyeusi wala moshi, na juu yake pawe na jivu jepesi. Mkaa uliowaka nusu unakupa moto wa upande mmoja. Weka kikaango kikavu juu yake dakika nne au tano. Kupima, dondosha tone la maji. Likitandaa na kuchemka palepale, subiri. Likijikunja kuwa kitone kinachokimbia huku na huku juu ya chuma kabla ya kutoweka, kikaango kiko tayari. (Kipimo hiki ni cha chuma. Kama mtu ana kikaango kisichogandisha chakula, asikichome kikavu, aweke mafuta tangu mwanzo na asubiri yaanze kutiririka kwa wepesi na kumetameta.) Tia kijiko kimoja na nusu cha mafuta na ukizungushe. Usitumie siagi kwa moto huu, itaungua na kuwa chungu. Kama unapenda ladha yake, iyeyushie kwenye rosti mwishoni.

Figo zitangulie. Ziweke nusu zote nne, upande uliokatwa ukiangalia chini, uzikandamize kwa mwiko sekunde kumi ili zisijikunje. Dakika moja na nusu, geuza, dakika moja. Kisha zitoe zote uziweke kwenye chujio juu ya bakuli na uziache dakika tano. Utaona majimaji ya rangi ya kijivu na wekundu yanadondoka. Hayo yamwage. Ndiyo yanayobeba harufu iliyosalia, na ukizimaliza kupika ndani ya kikaango moja kwa moja yanarudi kwenye chakula. Ndani figo bado ni mbichi, na ndivyo inavyotakiwa kwa sasa.

Pangusa kikaango, kirudishe motoni dakika mbili, pima tena kwa tone la maji, tia mafuta. Maini yaingie kwa awamu mbili, robo kilo kila awamu, vipande vikiwa vimeachana upana wa kidole. Nusu kilo kwa mkupuo ni mzigo wa baridi ambao hata chuma kizito hakiuwezi. Sikiliza: mlio unaotakiwa ni wa kuchachatika kwa nguvu bila kukatika. Ukipungua na kuwa wa kububujika, maji yameshakusanyika. Hilo likitokea usiendelee kwa matumaini. Toa vipande, mwaga majimaji kwenye kibakuli, kausha kikaango, kipashe tena, uanze upya na vipande vichache zaidi.

Usiviguse vikishawekwa. Kipande kinachogandia kwenye chuma bado hakijapata rangi, na ukikivuta kitachanika. Kikishakaangika kinajiachia chenyewe. Baada ya kama dakika moja na robo utaona kingo zimebadilika rangi kutoka chini kupanda juu, na uso wa juu ambao bado ni mwekundu unaanza kutoa vitone vidogo vya majimaji mekundu. Hiyo ndiyo ishara ya kugeuza, na inaaminika kuliko saa, kwa sababu moto wa mkaa haulingani siku hadi siku. Upande wa pili upe dakika moja. Toa, weka kwenye sahani ya moto bila kufunika, maana ukifunika mvuke unaendelea kuyapika. Rudia kwa awamu ya pili.

Ukikata kipande sasa utakuta katikati pana wekundu hafifu. Usiongeze muda kwenye kikaango. Tumeyatoa mapema kwa makusudi, kwa sababu safari ya mwisho ni kwenye rosti, na mchuzi unaochemka unamalizia katikati kwa upole kuliko chuma. Kabla ya hapo, mimina vijiko viwili vya maji kwenye kikaango kilichobaki na ukwangue ile kahawia iliyoshika chini kwa mwiko, uimimine kwenye rosti. Usiikwangue kama imekuwa nyeusi, itatia uchungu sufuria nzima.

Rudisha rosti motoni mpaka ichemke vizuri. Kama ni nzito sana, ongeza robo kikombe cha maji ya moto. Kata kila nusu ya figo vipande vitatu, uvitie kwanza, dakika mbili. Majimaji yaliyotoka kwenye maini pale sahanini ni mabichi, kwa hiyo yatangulize yachemke kwenye mchuzi, kisha maini yafuate. Geuza mara mbili tu, kwa dakika moja, kisha epua. Kata kipande kinene kuliko vyote uangalie: wekundu uwe umekwisha, rangi iwe ya kahawia yenye weupe wa waridi, nyama ing'ae kwa unyevu, na majimaji yake yasiwe ya damu. Kama una kipimajoto cha nyama, kichomeke kwa ubavu mpaka katikati, kisome 71. Ikiwa bado, rudisha nusu dakika uangalie tena. Ukiona katikati pamekuwa pa kijivu na kipande kinavunjika kwa punje ukikikunja, umepitiliza, na wiki ijayo punguza sekunde 20 kila upande kwenye kikaango, si kwenye mchuzi. Kamulia nusu ya ndimu, tia giligilani, onja chumvi, pakua mara moja. Ugali au chapati viwe vimeshaiva, kwa sababu maini yakikaa ndani ya sufuria ya moto yanaendelea kupikika hata chini ya sufuria pasipo na mkaa.

Siku utakayonunua figo ya ng'ombe badala ya mbuzi, mambo yanabadilika. Hiyo imegawanyika vinundu vingi vilivyoshikamana kwenye kiini kikubwa cha mafuta meupe. Kata kila kinundu ukifuata kiini kwa ncha ya kisu, kikubwa ukipasue mara mbili, na uloweke saa moja. Kama ng'ombe alikuwa mchanga, vikaange kama ilivyoelezwa hapo juu. Kama figo ina rangi nzito na harufu kali, ya ng'ombe mzee, ina nyuzi ngumu nyingi kuliko ya mbuzi, na njia ya haraka haitaiweza labda uikate vipande vyembamba sana. Hiyo ndiyo inayofuata ushauri wa jirani: moto mdogo, mchuzi wa kutosha, saa moja na nusu au mbili. Usichoweza kufanya ni kuishia katikati. Figo ya ng'ombe iliyopikwa dakika 20 imeshakazwa na moto lakini haijapata muda wa kulainika, na itavutika mdomoni kuliko hata ikipikwa kwa dakika nne.

Maini ya kuku yanafuata moto uleule, ila yasibaki na wekundu wowote ndani. Vijidudu vinavyoharisha vinaweza kuwa ndani kabisa ya ini la kuku, si juu tu, na kiwango chake ni nyuzi 74. Yagawe pande mbili, toa uzi mweupe unaoziunganisha, kaanga dakika mbili na nusu kila upande, na ujiepushe nayo usoni, kwa maana yanaruka mafuta vibaya kuliko ya ng'ombe.

Kiporo cha maini hakina njia nzuri. Ukikipasha mpaka kitoe mvuke, kama inavyotakiwa, kitakuwa kimepikwa mara ya pili na kukauka. Pika rosti nyingi ukitaka, inakaa kwenye friji siku mbili au tatu bila kuharibika ladha, na maini ukaange kiasi cha mlo huo tu. Nusu yaliyobaki mabichi, yakiwa yamekatwa na kufungwa vizuri, yakae sehemu ya baridi zaidi ya friji na yaliwe kesho yake.